Matairi ya baridi au ya majira yote: kwa anayehama Dodoma kwenda kwenye theluji

Dodoma hatuna swali hili. Asubuhi ya Julai ikishuka hadi nyuzi 13 au 14 watu wanatoa makoti kabatini, lakini lami ya kwenda Morogoro haigandi, na tairi la kawaida ambalo halijawa kipara linatosha Januari hadi Desemba. Swali linaanza pale mtu anapopata kazi Munich, masomo Montreal au mafunzo Sapporo, ananunua gari lililokwishatumika, na mwenye kuliuza anamuuliza kama anataka na seti ya matairi ya baridi. Wengi hujibu kwa kuangalia mfuko tu. Mfuko una nafasi yake, ila hauwezi kukwambia gari litasimama wapi.

Tutayalinganisha matairi kwa mambo manne: yanavyoshika juu ya theluji na barafu, yanavyofanya kazi kwenye lami baridi isiyo na theluji, yanavyostahimili joto, na gharama pamoja na usumbufu wake. Sheria inakuja baadaye, kwa sababu kila nchi ina yake. Kabla ya yote, lazima tuelewane kuhusu alama iliyoko ubavuni mwa tairi.

Mlima wenye chembe ya theluji

Ni mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe moja ya theluji yenye ncha sita. Ulianza kutumika Amerika Kaskazini mwaka 1999, kisha Ulaya nayo ikauingiza katika kanuni zake. Tairi huupata baada ya kupimwa kwa kulinganishwa na tairi maalumu la mfano. Katika kipimo cha Kimarekani, gurudumu hulazimishwa kuzunguka juu ya theluji iliyoshindiliwa huku gari likienda polepole sana, na chombo husoma lilivyoshika. Tairi la mfano hupewa 100. Linalopimwa likilizidi kwa kiwango kilichowekwa, takriban asilimia 10, linapata alama. Ulaya ina pia njia ya kupima kwa breki.

Soma tena maelezo hayo uone kisichopimwa. Hakuna kona, na hakuna barafu. Tairi lililovuka kwa shida na lililopata 150 yanachorwa mlima uleule. Kwa hiyo alama inakwambia kwamba tairi limevuka kizingiti kwenye theluji iliyoshindiliwa, basi. Kwa barafu ipo alama nyingine, ya kilele chenye ncha kama jiwe la barafu, ambayo tangu Mei 2021 unaweza kuikuta kwenye lebo ya tairi inayotolewa Ulaya. Anayekwenda Skandinavia aitafute hiyo pia.

Halafu kuna herufi M+S, yaani tope na theluji. Hizi zimewachanganya watu wengi. Mtengenezaji huziandika mwenyewe kwa kuangalia umbo la kashata, hasa upana wa mifereji, bila tairi kulazimika kugusa theluji. Nchini Marekani na Kanada yako matairi mengi yanayoitwa ya majira yote ambayo yana M+S peke yake. Ulaya, tairi jipya la majira yote kwa kawaida lina mlima. Jina ni moja, matairi ni mawili tofauti, ndiyo maana hapa chini tunayatenga.

Tairi la baridi

Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini joto likishuka. Tairi la kawaida la kiangazi huanza kukakamaa joto likiwa chini ya nyuzi 7 hivi. Takwimu hiyo ni ya kukadiria, kwa hiyo usiichukulie kama mstari, maana ugumu huja kidogokidogo. Ukikagua kashata za tairi la baridi utaona kila kipande cha mpira kimekatwakatwa kwa mikato myembamba ya kupindapinda. Gari linapofunga breki mikato hiyo hufunguka kidogo, kingo zake zikaing'ang'ania theluji. Mifereji mipana nayo hujaa theluji, na theluji hushikana na theluji kuliko mpira mtupu unavyoweza kuishika.

Kwenye theluji na barafu ndilo bora kati ya yote, na tofauti yake kubwa huonekana kwenye barafu, mahali ambapo mlima haukupima. Kwenye lami baridi iliyolowa linakwenda vizuri. Kwenye joto ndipo linapoharibu: kashata laini hucheza chini ya gari, usukani unakuwa mzito kuitika, breki zinarefuka, na mpira unaisha haraka. Gharama yake ni kwamba unahitaji seti mbili, mahali pa kuhifadhi ile isiyotumika, na kubadilisha mara mbili kwa mwaka. Wajerumani hukumbuka kwa miezi: Oktoba unafunga, Pasaka unafungua.

Linamfaa anayeishi mahali ambapo theluji hulala barabarani kwa wiki nyingi, au anayelazimika kutoka nyumbani kabla gari la kusukuma theluji halijapita.

Tairi la majira yote lenye mlima

Mpira wake na mikato yake viko katikati. Kwenye theluji iliyoshindiliwa linafanya kazi ya kuaminika, na matoleo ya miaka ya karibuni yamesogea sana kulikaribia tairi la baridi. Kwenye barafu linaachwa. Kwenye lami baridi iliyolowa mara nyingi ni zuri kabisa, na hiyo ndiyo hali ambayo madereva wengi wa Uingereza, Uholanzi na magharibi mwa Ujerumani huwa nayo kwa sehemu kubwa ya miezi ya baridi. Wakati wa joto linazidiwa na tairi la kiangazi katika breki, ila kwa mwendo wa mjini hutaligombeza. Gharama ni seti moja, hakuna kuhifadhi wala kubadilisha, lakini seti hiyo inatembea miezi 12. Hilo tutalipigia hesabu.

Linamfaa mtu wa mjini, mwenye safari chache, ambaye asubuhi ya theluji nzito anaweza kupanda treni.

Tairi la majira yote lenye M+S tu

Kwenye theluji halina ahadi yoyote iliyopimwa. Kwenye lami baridi linategemea mtengenezaji. Kwenye joto ni zuri, kwa kweli ni tairi la kiangazi lenye mifereji mipana kidogo. Bei yake ni nafuu. Linamfaa anayeishi kusini mwa Marekani, ambako theluji ikianguka watu hukaa ndani mpaka iyeyuke. Kwa Montreal halifai, na sheria ya huko itakwambia hivyohivyo.

Mita zinazoamua

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unategemea mwendo na jinsi mpira unavyoshika barabara. Chukua mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu, mshiko, yaani namba inayopima mpira unavyoshika barabara, ukiwa karibu 0.8, gari husimama ndani ya mita 12 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa mshiko huwa kati ya 0.2 na 0.3 kutegemea tairi. Penye 0.3 unasimama kwa mita 33. Penye 0.2 unahitaji mita 49.

Mita 16 za tofauti zinaweza kuonekana ni urefu wa magari matatu au manne tu. Lakini fikiria magari mawili yanafunga breki sambamba. Lile la kwanza linaposimama kwenye mita ya 33, la pili linalipita hapohapo likiwa bado na karibu kilomita 29 kwa saa. Kwa mwendo huo, mtoto anayevuka barabara anavunjika.

Barafu iliyolowa ni mbaya kuliko theluji. Mshiko wake unaweza kushuka hadi 0.1, na hapo mita ni 98. Wageni hushangaa kusikia kwamba barafu ya nyuzi 0 inateleza kuliko ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Karibu na sifuri kuna utando wa maji juu ya barafu, na mpira unaelea juu yake. Kwa hiyo jiji lenye baridi ya wastani, ambalo mchana theluji inayeyuka na usiku inaganda, linaweza kuwa na asubuhi za hatari kuliko kijiji cha baridi kali kilichotulia.

Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne halibadilishi hesabu hii. Linakusaidia kuondoka na kupanda mlima, lakini wakati wa breki kila gari lina magurudumu manne yanayoshika. Mtu aliyezoea kuvuka mto wa mchanga wa Kondoa kwa kuweka forwili anaweza kuhamia Kanada na imani hiyohiyo, akajua udhaifu wake kwenye taa nyekundu ya kwanza.

Hesabu ya Munich

Tuchukue familia inayohamia Munich kwa miaka minne, na gari dogo lenye matairi ya saizi 205/55 R16. Wanatembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Tuseme tairi lolote watakalonunua lina mifereji yenye kina cha milimita 8 likiwa jipya na lingefika kikomo cha kisheria cha milimita 1.6 baada ya kilomita 40,000.

Kikomo hicho ni cha lami iliyolowa. Kwa theluji, tairi lenye chini ya milimita 4 halina tena mifereji ya kutosha kubeba theluji, na mara nyingi mikato myembamba imekwisha au imekuwa mifupi. Austria imeliweka hilo katika sheria: tairi la baridi chini ya milimita 4 halihesabiwi kuwa la baridi. Kutoka 8 hadi 4 ni milimita 4 kati ya 6.4 zinazotumika, na kwa hesabu yetu hizo ni kilomita 25,000.

Wakichagua majira yote, seti moja inatembea kilomita 12,000 kila mwaka. Baada ya miaka miwili imebaki na milimita 4.2 hivi. Inaingia baridi ya tatu ikiwa imechoka, ingawa kwa macho bado inaonekana nzima. Wanahitaji seti ya pili.

Wakichagua seti mbili, ya baridi inatembea kilomita 6,000 tu kwa mwaka na ya kiangazi 6,000. Baada ya miaka minne kila moja imebaki na hiyohiyo milimita 4.2. Ukihesabu, njia zote mbili zimewagharimu matairi manane. Kinachozidi upande wa pili ni rimu nne za ziada na kubadilisha mara nane, na pengine vihisi vya upepo ndani ya rimu hizo ikiwa gari lao linavitumia.

Sasa badilisha jambo moja. Ni mwanafunzi, na anatembea kilomita 5,000 kwa mwaka. Seti ya majira yote itamchukua miaka mitano kufika milimita 4. Seti ya baridi ingetembea 2,500 kwa mwaka, na ingezeeka kwa umri kabla ya kuisha, kwa sababu mpira hukakamaa hata ukiwa umelala stoo. Kwake yeye seti mbili ni kufungia fedha ghalani. Ndiyo maana ushauri wa jirani mwenye safari ndefu haukufai wewe unayeendesha Jumamosi kwenda sokoni.

Sheria zinasemaje

Ujerumani haina tarehe. Inasema barabara ikiwa na barafu, theluji iliyoshindiliwa, theluji ya majimaji au sakitu, gari liwe na matairi yenye mlima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, M+S pekee haitoshi tena, hata kwa matairi ya zamani. Faini huanzia euro 60 pamoja na pointi moja kwenye rekodi ya dereva. Jimbo la Quebec, lenye Montreal, lina tarehe: kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi lazima matairi yawe na mlima au yawe ya njumu, yaani yenye vijino vya chuma. Uingereza hailazimishi. Angalia kwamba Ujerumani na Quebec zote zinalikubali tairi la majira yote lenye mlima. Sheria inataka kizingiti kile cha theluji tu, kwa hiyo kuwa halali hakumaanishi utasimama kwenye barafu.

Yanayoharibika hata kwa aliyechagua vizuri

La kwanza ni kufunga matairi mawili ili kuokoa fedha. Gari likivuta kwa mbele, mtu huweka ya baridi mbele na kuacha ya zamani nyuma. Linaondoka vizuri, mbele inashika, na kwenye kona ya kwanza akiachia mafuta nyuma inateleza kando na kugeuza gari. Matairi ya baridi hufungwa manne.

La pili ni upepo. Ukijaza PSI 33 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, kisha gari likalala nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, asubuhi geji itasoma karibu 28. Hakuna pancha, ni hewa imesinyaa. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, urudishe kwenye kiasi kilichoandikwa kwenye mlango wa gari.

La tatu ni mwelekeo. Matairi mengi ya baridi yana mshale wenye neno ROTATION. Likifungwa kinyume, kashata zinasukuma maji ndani badala ya kuyatoa nje. Baada ya kufunga, tembea kilomita 50 kisha kaza nati tena kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na unaponunua matairi yaliyotumika, soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 3521 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2021.

Kwa hali yako

Unakwenda Quebec, Skandinavia, Hokkaido au kwenye vijiji vya Alpi, na kazi yako inaanza alfajiri: nunua seti ya baridi, na safari ya kilomita 5,000 kwa mwaka isikurudishe nyuma, kwa sababu shida yako ni barafu na alama ya mlima haikupima barafu.

Unakwenda London, Rotterdam au Cologne, na una treni ya akiba: majira yote yenye mlima yanatosha. Yakifika milimita 4 mwezi Septemba, yabadilishe kabla ya baridi.

Munich, Vienna, Toronto ndipo mahali pa kupiga hesabu tuliyopiga hapo juu. Unazidisha kilomita 10,000 kwa mwaka na unapanda milimani wikiendi? Seti mbili hazikugharimu sana kuliko moja. Unakaa mjini na unaendesha kidogo? Seti moja yenye mlima.

Na wewe uliyebaki Dodoma ukisubiri gari kutoka Japani, swali linakugeukia. Gari lililotumika maeneo ya theluji linaweza kufika na matairi ya baridi bado yamefungwa. Angalia ubavuni: neno STUDLESS, yaani lisilo na njumu, ndilo utambulisho wake, na mara nyingi herufi ya mwendo ni Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa. Kashata zitakuwa na mikato mingi myembamba, na ukizibonyeza kwa kidole gumba zinakubali. Ndani ya mifereji mipana kuna tuta la mpira lililoinuka, na likiwa sawa na uso wa kashata, kule Japani tairi hilo limekwisha kazi ya theluji ingawa bado lina nusu ya kina. Kina hicho ndicho kinachomdanganya mnunuzi wa hapa, akadhani amepata matairi ya miaka mitatu. Juu ya lami ya Oktoba na gari lililojaa abiria kwenda Singida, mpira huo laini unachemka, unacheza kwenye kona na kuisha haraka, na mvua za Desemba zikianza breki zake ni ndefu kuliko za tairi la kawaida. Yatumie kulitoa gari bandarini kwa mwendo wa pole ikiwa hayana nyufa, kisha mwambie fundi akufungie ya kawaida.